GPA ya 3.4 ilivyogeuka 2.6: kisa cha ombi moja la Ujerumani

Mwenye kisa hiki ni kijana aliyemaliza shahada ya miaka mitatu katika chuo kikuu kimoja cha Tanzania. Cheti chake kinasema GPA 3.4 kati ya 5.0, daraja la pili la chini. Alikuwa anaomba shahada ya uzamili Ujerumani, kwenye programu iliyoandika sharti lake bila kificho: wastani wa 2.5 au bora zaidi kwa kipimo cha Kijerumani. Akaingiza GPA yake kwenye kikokotoo cha mtandaoni, kikamletea 2.2. Kwa kuwa Ujerumani namba ndogo ndiyo nzuri, akajiona yuko ndani ya mstari na nafasi inabaki. Akalipia tafsiri, akalipia kuthibitisha vyeti, akatuma.

Hati ya uhakiki ilipotoka ilikuwa na 2.6, na ombi likafungwa hapohapo. Barua ya maelezo binafsi haikusomwa, wala barua za walimu wake. Ujumbe alioniandikia jioni ile ulikuwa mfupi: "Dada, shikamoo. Mimi nimepata 2.2, wao wanasema 2.6. Nani amekosea?"

Nilimwomba anitumie transkripti yote, kurasa zote mbili, mbele na nyuma. Nyuma ndiko kwenye jedwali la kipimo, na kwa shughuli hii jedwali lile lina uzito sawa na alama zenyewe.

Tuanze na hesabu waliyotumia Wajerumani. Vyuo vingi vya huko, pamoja na uni-assist, taasisi inayokagua vyeti vya waombaji wa kigeni kwa niaba ya vyuo, hutumia fomula inayojulikana kama fomula ya Bavaria iliyorekebishwa. Imeandikwa hivi:

```
x = 1 + 3 * (Nmax - Nd) / (Nmax - Nmin)
```

Hapo `x` ni alama ya Kijerumani inayotafutwa. `Nd` ni alama yako. `Nmax` ni alama ya juu kabisa katika kipimo cha nchi yako, na `Nmin` ni alama ya chini kabisa ambayo bado inahesabika kuwa umefaulu. Fomula inachukua umbali kati ya kufaulu kwa shida na kufaulu kwa ukamilifu huku kwetu, inaulandanisha na umbali kama huo wa kwao, ambao unaanzia 4.0, alama ya mwisho ya kufaulu, na kuishia 1.0, iliyo bora kuliko zote. Kisha inakuuliza wewe umesimama wapi kati ya ncha hizo mbili.

Kosa la kijana wetu lilikuwa kwenye `Nmin`. Jedwali la nyuma ya transkripti yake linaonyesha A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na E ni 0. Alipoona D ina pointi moja na E haina kitu, akaona kufaulu kunaanzia 1. Kikokotoo hakikumuuliza zaidi. Kikafanya hivi:

```
1 + 3 * (5.0 - 3.4) / (5.0 - 1.0) = 2.2
```

Lakini kila aliyesoma chuo hapa anajua kwamba D si kufaulu. Ukipata D unarudia mtihani wa kozi hiyo. Ina pointi moja kwenye jedwali, ila haikupitishi. Kozi inapita kwa C, yenye pointi 2, na shahada yenyewe haitolewi chini ya GPA ya 2.0. Kwa hiyo ukiitazama kwa kozi moja moja au kwa shahada nzima, sakafu ni ileile:

```
1 + 3 * (5.0 - 3.4) / (5.0 - 2.0) = 2.6
```

Hapo mtathmini hakukosea. Na kwa kuwa tofauti ya 5.0 na 2.0 ni 3, ile 3 iliyo juu na hii ya chini zinafutana, fomula nzima inabaki kutoa: chukua 6, ondoa GPA yako. Aliyehitimu kwa GPA ya 4.1 ana 1.9. Mwenye 3.0 ana 3.0. Kikokotoo chochote kikikupa jibu tofauti na hilo, kimewekewa kipimo kisicho chako. Namna ya kukijaribu ni rahisi: ingiza 5.0 uone kama kinatoa 1.0, kisha ingiza 2.0 uone kama kinatoa 4.0. Ncha moja ikikataa, usiamini chochote kilicho katikati. Vikokotoo vingine huja vikiwa tayari na kipimo cha Kimarekani, juu 4.0 na chini 1.0. Mwenye 3.4 yetu akiingiza humo bila kubadilisha anapewa 1.6, namba ya kumfurahisha mtu kabla ya kumvunja moyo.

Nilimweleza hayo akayakubali. Ila nilipokuwa napitia ukurasa wa mbele, kozi kwa kozi, nikaona jambo lingine ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelitazama.

Shahada yake ilikuwa na krediti 360. Nilizipanga kwa gredi: krediti 48 alipata A, 126 alipata B+, 138 alipata B na 48 alipata C. GPA ni jumla ya pointi zilizozidishwa kwa krediti, igawanywe kwa krediti zote:

```
(48*5 + 126*4 + 138*3 + 48*2) / 360 = 1254 / 360 = 3.4833...
```

Cheti kinasema 3.4. Hakisemi 3.5, kwa sababu chuo chake, kama vyuo vingi vya Tanzania, hakikadirii GPA kwenda namba iliyo karibu. Kinakata. Kinaacha tarakimu moja baada ya nukta na kutupa zilizobaki, hata zikiwa 8 na 3. Kwa ndani ya nchi jambo hili lina mantiki yake: daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na anayefika 3.48 hajafika. Alikuwa amepungukiwa pointi 6 kati ya 1260 zilizohitajika. Kozi moja ya krediti 8 aliyopata B, angepata B+, angevuka. Nchini kwake aliingia daraja la chini kwa kanuni inayomhusu kila mtu, na sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanza namba hiyo inapovuka mpaka. Ujerumani nao wana desturi ya kukata: wastani huandikwa kwa tarakimu moja baada ya nukta, zinazofuata hufutwa bila kukadiriwa. Mkato ni uleule, ila kwao namba ndogo ndiyo bora, kwa hiyo mkato unamnufaisha mwanafunzi. Mwenye 2.58 anaandikiwa 2.5. Kwetu kubwa ndiyo bora, kwa hiyo mkato uleule unamshusha. Sasa pima alama ya kijana huyu kwa njia mbili. Ukichukua wastani wake kamili:

```
6 - 3.4833 = 2.5167   ->  2.5
```

Ukichukua wastani uliokatwa na chuo chake kwanza:

```
6 - 3.4 = 2.6
```

Njia ya kwanza inampitisha kwenye sharti. Ya pili inamfungia nje. Kozi ni zilezile, mitihani ni ileile, fomula ni ileile. Kilichobadilika ni mahali mkato ulipopita: kabla ya kubadilisha au baada yake.

Tulilipeleka suala hilo mbele. Aliomba ofisi ya taaluma ya chuo chake imwandikie barua yenye jumla ya pointi na jumla ya krediti, wakamwandikia vizuri, kwa muhuri. Akaituma kwa waliomtathmini pamoja na hesabu yetu. Jibu likawa la heshima na la mkato: wao hutumia wastani wa mwisho uliomo kwenye hati rasmi ya shahada, na hati inasema 3.4.

Nimefikiria sana jibu hilo, na naona lina haki kwa upande wao. Mtathmini ana maombi mengi mezani kutoka nchi nyingi. Akianza kujihesabia GPA upya, atalazimika kujua ni kozi zipi zinaingia kwenye wastani na zipi haziingii, mtihani wa marudio unahesabiwa vipi, na kila chuo kina sheria yake. Namba iliyopitishwa na seneti ya chuo ndiyo pekee anayoweza kuitetea. Mahali pa kurekebisha ni huku. Chuo hakipotezi chochote kikichapa kwenye transkripti mstari mmoja unaosema jumla ya pointi 1254, jumla ya krediti 360, GPA rasmi 3.4. Madaraja yanabaki yalivyo. Ila mhitimu anayeomba nje anakuwa na namba kamili ndani ya hati rasmi yenyewe, wala hahitaji barua ya pembeni inayofika baada ya uamuzi. Kwa wanaoangukia kati ya 3.41 na 3.49, mstari huo unaweza kuwa tofauti ya ombi kusomwa na ombi kufungwa.

Na wanaoangukia hapo si bahati mbaya ya mtu mmoja tu, kwa sababu mpaka wa kwetu na wa kwao unakutana palepale. Ujerumani, alama kuanzia 1.6 hadi 2.5 huitwa nzuri, na kuanzia 2.6 hadi 3.5 huitwa ya kuridhisha. Programu nyingi za uzamili zinazoweka kikomo hukiweka kwenye 2.5, mwisho wa "nzuri". Ukiondoa 3.5 yetu, mwanzo wa daraja la pili la juu, kwenye 6 unapata 2.5 kamili. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo. Ni hesabu imeangukia hapo. Lakini maana yake kwa Mtanzania ni kwamba sharti la 2.5 ni sharti la daraja la pili la juu, na asitegemee fomula imnyanyue. Daraja la kwanza nalo halipandishwi: linaanzia 4.4, nayo inakuwa 1.6, bado ndani ya "nzuri". Kupewa "nzuri sana" ya Kijerumani kunahitaji 4.5 kwenda juu.

Kijana akaniuliza kama fomula yenyewe ni ya haki. Nilimjibu kwa kumwonyesha jirani yake wa Kenya. Vyuo vingi vya Kenya huandika wastani kwa asilimia: 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, na kufaulu kunaanzia 40. Mtathmini akiweka 100 kuwa alama ya juu na 40 kuwa ya chini, mwenye wastani wa 65 anapata hivi:

```
1 + 3 * (100 - 65) / (100 - 40) = 2.75   ->  2.7
```

Sasa mchukue Mtanzania wa chuo ambacho B+ ni alama 60 hadi 69, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naye amepata 65 katika kila kozi. Kila kozi inaandikwa B+, pointi 4, GPA 4.0, na Ujerumani anakuwa 2.0. Wote wawili wana 65, wote wako daraja la pili la juu, mmoja ana 2.0 na mwingine ana 2.7. Mkenya, kwa hesabu hiyo na mkato wake, anahitaji zaidi ya asilimia 68 ili kufika 2.5. Maana yake ni kukaribia daraja la kwanza, kwa sharti ambalo Mtanzania analifikia mwanzoni mwa daraja la pili la juu.

Sababu iko kwenye `Nmax`. Katika mitihani ya insha na hesabu ndefu ya vyuo vyetu, hakuna anayemaliza shahada kwa wastani wa 100. Kipande cha kuanzia 80 kwenda juu karibu hakikaliwi na mtu, lakini fomula inakihesabu kama ardhi yenye wakazi. Kipimo cha pointi kinakifuta kipande hicho, kwa kuwa 70 na 95 zote ni A, zote ni 5. Fomula haijui chochote kuhusu wangapi wanafika wapi. Inajua ncha mbili tu na mstari ulionyooka kati yake. Inafanya kazi vizuri pale ambapo kipimo chote kinatumika, na inapotosha pale ambapo sehemu ya juu ni ya mapambo. Kwa hiyo Mkenya ambaye transkripti yake inaonyesha madaraja na asilimia kwa pamoja ana sababu nzuri ya kuhakikisha jedwali la madaraja linaambatana na ombi lake, maana chuo kinachosoma ombi kwa undani kinaweza kuona 65 yake imesimama wapi kati ya wenzake.

Kijana wetu, kwa upande wake, alikuwa amefaidika na kipimo cha pointi bila kujua. Alama zake nyingi za B zilikuwa 54, 55, 56. Hizo zote ni 3. Ila alikuwa pia na 59 mbili na 69 moja, na hizo kipimo kilimeza bila kumwachia kitu.

Kulikuwa na ombi lingine mezani, la idara moja Marekani, na hapo nilimkuta amefanya jambo ambalo nimeliona kwa waombaji wengi. Fomu ilikuwa na kisanduku cha GPA. Akachukua 3.4, akaigawa kwa 5, akazidisha kwa 4, akaandika 2.72. Wamarekani wengi huweka sharti la 3.0 kwa uzamili, kwa hiyo alikuwa amejishusha kwa mkono wake mwenyewe. Hesabu ile inachukulia kwamba pointi za Tanzania na za Marekani ni ngazi moja yenye vidato tofauti tu, kumbe 70 ya kwetu ni A, na 70 ya kwao kwa kawaida ni C. Maelekezo ya fomu, aya mbili juu ya kisanduku, yalisema mwombaji asibadilishe alama, aandike kwa kipimo cha chuo alichotoka na kutaja kipimo hicho. Tukaandika 3.4, na kwenye kisanduku cha pili tukaandika 5.0. Kubadilisha ni kazi ya wao au ya taasisi za tathmini wanazozitaja, ambazo huenda kozi kwa kozi badala ya kuchukua wastani mmoja.

Tukarudi Ujerumani. Namba yake rasmi ilikuwa 2.6 na isingebadilika, kwa hiyo swali likawa ni programu zipi zinatumia namba hiyo kama lango na zipi zinaitumia kama sehemu ya mizani. Tofauti hiyo huonekana kwenye kanuni za udahili, si kwenye ukurasa wa matangazo wenye picha za wanafunzi. Pakiandikwa kwamba wastani wa chini ni 2.5, hilo ni lango, na 2.6 haipiti hata ukiwa na uzoefu wa kazi wa miaka kumi. Pakiandikwa kwamba wastani hutoa pointi kadhaa, na kwamba ulinganifu wa kozi na mtaala wao, maelezo binafsi au mahojiano hutoa pointi nyingine, hiyo ni mizani. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich ni mfano unaojulikana wa utaratibu wa pili: programu zake nyingi za uzamili hupima kufaa kwa mwombaji kwa hatua, na wastani ni kipengele kimoja kati ya kadhaa.

Kwenye mizani kama hiyo, 2.6 na 2.5 zinatofautiana kwa pointi chache, na pointi chache zinaweza kufidiwa. Tuliandaa jedwali la kozi zake lililolinganishwa na kozi ambazo programu inazitaka: takwimu, kemia ya mazingira, hesabu. Zile A zake, krediti 48, karibu zote zilikuwa katika kozi hizo, na C nyingi zilikuwa za mwaka wa kwanza. Wastani ulikuwa umeficha yote hayo. Barua ya ofisi ya taaluma nayo iliwekwa humo, safari hii pamoja na ombi tangu mwanzo, ikiwa na sentensi moja juu yake: GPA rasmi ni 3.4, imekatwa bila kukadiriwa kutoka 1254 kwa 360.

Aliitwa kwenye mahojiano. Swali la kwanza lilihusu takwimu. La alama halikuulizwa.